Nionyeshe Mstari

Kabla hajasema hata neno la kukaribisha, mkuu wa utumishi aligawa karatasi. Kila mjumbe alipata wasifu wa waombaji kazi wawili, na mahali pa jina pamewekwa namba: 7 na 23. Aliwapa dakika kumi wasome kimya kimya, kisha kila mmoja amwandikie kila mwombaji alama kati ya 0 na 100. Mhasibu akanyoosha mkono kuuliza alama hizo ni za nini hasa. Akajibiwa kwa upole, "Za hivyo hivyo unavyotoa siku zote, kaka."

Tulikuwa katika ukumbi mdogo wa hospitali moja ya taasisi ya dini mkoani Morogoro, madirisha yakiangalia milima ya Uluguru. Wajumbe wa jopo la ajira walikuwa watano: mganga mfawidhi, metroni, mfamasia, mhasibu na afisa ugavi. Mbele yao kulikuwa na kazi ya kumpata mtunza stoo mpya, na maombi yaliyofika yalikuwa 140. Mama huyu, ambaye ndiye mkuu wa utumishi hapo, aliniruhusu nikae kiti cha nyuma kwa masharti kwamba nisiandike jina la mtu wala la hospitali. Wasifu zile mbili alizitunga mwenyewe kwa ajili ya mafunzo.

Alipokusanya alama aliziandika ubaoni bila kusema ni za nani. Mwombaji namba 7 alikuwa amepata 85, 70, 88, 62 na 80. Mwombaji namba 23 alipata 35, 65, 40, 72 na 50. Akarudi nyuma hatua moja, akaacha ubao usomwe. Karatasi ile ile, dakika zile zile kumi, na mtu mmoja amepewa 35 huku, 72 kule. Mjumbe mmoja alimweka 23 mbele ya 7; wengine wanne walimweka 7 mbele, baadhi yao kwa umbali mkubwa sana.

"Ndugu zangu," alianza, "hakuna mtu mbaya humu ndani. Hakuna aliyepigiwa simu kuhusu hawa wawili, maana hawapo. Lakini tazameni. Mmoja wenu amepima kwa pishi, mwingine kwa kibaba, mwingine kwa kopo la maziwa. Halafu mwisho wa siku tunajumlisha, tunagawa kwa tano, tunasema jopo limeamua. Limeamua nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya ufunguzi, na iliendelea karibu saa nzima. Nimehudhuria semina nyingi zinazofunguliwa kwa maneno ya kupanda na kushuka kuhusu uadilifu, na hii haikuwa mojawapo. Alizungumza kama fundi anayefundisha wanafunzi kushika msumeno.

Kwanza aliwaomba waseme wenyewe kilichowaongoza. Mhasibu alikiri kwamba wasifu wa 23 ulikuwa na makosa ya tahajia matatu kwenye ukurasa wa kwanza, na kwake mtu anayekosea kuandika atakosea kuhesabu. Mganga mfawidhi alivutiwa na shahada ya namba 7 na chuo alichosoma. Afisa ugavi aliona pengo la mwaka mmoja na nusu katika historia ya 23, kati ya 2021 na 2022, akajiuliza mtu huyu alikuwa wapi. Metroni alisema 23 ameandika kama mtu anayeijua kazi. Mfamasia ndiye aliyetoa 72, na sababu yake ilikuwa fupi: 23 amewahi kutunza dawa za mifugo katika duka la pembejeo, na dawa ni dawa, zinaisha muda.

Sikilizeni sababu hizo, alisema yule mama, kila moja ina mantiki yake. Tahajia, chuo, pengo, mtindo wa kuandika, bidhaa alizozishika. Kila mjumbe amechukua jambo moja lililomgusa, na jambo hilo likaupaka rangi wasifu mzima. Akawaeleza kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliliandika jambo hili mwaka 1920 baada ya kuangalia namna maofisa wa jeshi walivyowapa alama watu walio chini yao. Aliyeonekana nadhifu na mkakamavu alipewa alama za juu za akili na za uaminifu pia, ingawa hayo ni mambo tofauti. Jicho likishapenda, mkono unafuata.

Hapo ndipo alipogeukia kazi yenyewe. Wiki mbili kabla ya mafunzo, yeye na mfamasia walikaa siku mbili ndani ya stoo pamoja na mtunza stoo anayestaafu. Waliangalia anafanya nini. Anapokea mzigo, analinganisha kilichomo ndani ya boksi na hati ya mpeleka mzigo, anaandika kwenye leja, anapanga rafu ili bidhaa inayokaribia kuisha muda ikae mbele na itoke kwanza, anagawa kwa wodi, na kila mwisho wa mwezi anahesabu vyote kisha anatafuta kwa nini leja inasema glavu boksi 60 na rafu ina 57. Waliona pia kinachoiumiza hospitali: vitu vilivyoishia muda rafuni, na tofauti za hesabu ambazo hakuna aliyezifuatilia.

Kutokana na siku hizo mbili walipata vigezo vinne tu. Cha kwanza, kutunza bidhaa zenye tarehe ya kuisha. Cha pili, kuhesabu mali na kufuatilia tofauti. Cha tatu, kutumia kompyuta kuweka kumbukumbu za stoo. Cha nne, kuandika taarifa inayoeleweka. Havina uzito sawa, kwa sababu madhara yake hayalingani. Cha kwanza kinazidishwa kwa 4, cha pili kwa 3, cha tatu kwa 2, cha nne kwa 1. Kila kigezo kinapewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo mwombaji hawezi kuzidi 30.

Metroni aliuliza elimu imekwenda wapi. Nadhani lilikuwa swali la kila mtu, maana ofisi nyingi huanza kuhesabia alama hapo hapo. Jibu lilikuwa kwamba elimu imebaki mlangoni. Tangazo lilidai stashahada ya ununuzi na ugavi, pamoja na usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Hayo ni masharti ya kuingia: unayo au huna. Asiyenayo anawekwa pembeni na sababu inaandikwa; aliyenayo anapita, na hapo hesabu ya vyeti inakwisha. Katika yale maombi 140, waliopita mlango huo ni 52.

"Na mwenye shahada?" mganga aliuliza.

"Amepita mlango, Daktari. Tulitangaza stashahada kwa sababu kazi inadai stashahada. Tukianza kumwongezea mwenye shahada alama kwa kimya, tumebadilisha tangazo baada ya watu kuomba, na wale waliosoma tangazo letu tumewadanganya."

Mganga alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye bado hajakubali sana. Mama hakumsukuma.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyobeba uzito wa asubuhi ile, na ndiyo ambayo majopo mengi huiruka. Haitoshi kusema kigezo kina alama 0 hadi 3. Lazima iandikwe kwa maneno 1 ni nini na 2 ni nini, kabla ya bahasha kufunguliwa. Bila maneno hayo, 2 ya mhasibu inaweza kuwa 3 ya metroni, na tumerudi kwenye pishi na kopo.

Kwa kigezo cha kwanza, karatasi yao ilisema hivi. Sifuri: hakuna mahali anapoonyesha kuwahi kufanya kazi ya stoo. Moja: amefanya kazi ya stoo, lakini ya vitu visivyo na tarehe ya kuisha, kwa mfano nondo na mabati. Mbili: ametunza bidhaa zenye tarehe kwa mwaka mmoja au zaidi, ila hasemi alizitunzaje. Tatu: ametunza bidhaa hizo kwa muda huo, na ameeleza kitu alichokifanya mwenyewe, kama kupanga kwa tarehe, kutoa kwanza inayokaribia kuisha, au kutenga zilizoisha na kuziandikia. Mtu akisoma maneno hayo hana haja ya kujiuliza kama anampenda mwombaji. Anatafuta kitu kwenye karatasi, anakiona au hakioni.

Ndipo akawapa kanuni moja aliyoirudia siku nzima, hadi ikawa kama kiitikio. Kila alama inayozidi sifuri iwe na mstari wake ndani ya wasifu. Anayetoa alama aweke kidole juu ya mstari huo na namba ya ukurasa aiandike pembeni. Mwenzako akitilia shaka, hasemi "mimi sikubaliani". Anasema, "Nionyeshe mstari."

Walirudi kwa wale wawili. Mwombaji 7 alikuwa na wasifu mzuri wa kutazama, wenye rangi ya bluu pembeni, na miaka minne kama msimamizi wa ghala katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Chini ya cheo hicho aliandika kwamba alihusika na shughuli zote za ghala. Shughuli zipi, hakusema. Kuhusu kuhesabu mali aliandika tu kwamba alishiriki ukaguzi wa mwisho wa mwaka. Kwenye kompyuta alieleza vizuri sana: jina la programu aliyotumia, alivyoingiza mizigo inayofika, na ripoti alizotoa kila wiki. Mwombaji 23, yule wa tahajia mbovu, alikuwa na miaka miwili katika duka la pembejeo na dawa za mifugo. Aliandika kwamba kila Ijumaa alipitia rafu na kuvuta mbele chupa zilizobakiza miezi mitatu, na kwamba kila mwisho wa mwezi alihesabu, akaandika tofauti kwenye fomu na kumpelekea mwenye duka pamoja na sababu.

Sasa hesabu ikajifanya yenyewe. Kigezo cha kwanza: 7 alipata 1, ikizidishwa kwa 4 ni 4, 23 alipata 3, ikawa 12. Kigezo cha pili: 7 alipata 1, ambayo ni 3, 23 alipata 3, ambayo ni 9. Cha tatu kilimwendea 7, aliyepata 3 na kuvuna 6, wakati 23 alipata 1, yaani 2. Cha nne vilevile: 3 kwa 1. Jumla, namba 7 alipata 16 na namba 23 alipata 24. Makosa ya tahajia hayakusamehewa. Yalihesabiwa mahali pake, kwenye kuandika taarifa, yakachukua alama mbili kati ya thelathini badala ya kumla mtu mzima.

Pengo la mwaka mmoja na nusu lilibaki bila mahali. Afisa ugavi alilitetea kidogo, na mama akamuuliza ni kigezo gani kati ya vinne kinaguswa na pengo. Hakukipata. Mtu anaweza kuwa alikuwa anamuuguza mzazi, alikuwa analea, au alikuwa anatafuta kazi kama hawa 140. Kama linahitaji kuulizwa, litaulizwa kwenye usaili, na kila msailiwa mwenye pengo ataulizwa kwa maneno yale yale.

Kuhusu majina, hotuba ilikuwa fupi na ya wazi. Masjala ilishaziba kila wasifu jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa na mahali pa kuzaliwa, ikaweka namba. Wasifu wa kwetu hubeba mambo hayo yote, wakati mwingine kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, na ukishamsoma Massawe, Mwakalinga au Hamisi umeshajua au umeshadhani mengi ambayo stoo haiyahitaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na katazo hilo linamlinda hata anayeomba kazi.

Alitaja utafiti mmoja, wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, uliochapishwa mwaka 2004. Walituma karibu wasifu 5,000 za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Zilifanana kwa sifa, ila majina yaligawanywa: nusu yanayosikika ya Wazungu, nusu yanayosikika ya Wamarekani Weusi. Wenye majina ya kwanza walihitaji kutuma kama wasifu 10 ili wapate mwito mmoja. Wenye majina ya pili walihitaji kama 15. "Sisi tuna majina yetu na wao wana yao," alisema. "Lakini kalamu ni ile ile."

Hata hivyo hakudai kwamba kuziba jina kunamaliza kila kitu. Jina la shule ya sekondari linaweza kueleza mkoa, hata dini. Mwombaji aliyeandika kwamba alikuwa mlezi wa wasichana bwenini ameshajitaja. Kinachosaidia pale ni kanuni ile ya mstari: ukishajua, bado huna mahali pa kuandikia ulichokijua.

Niseme jambo langu hapa. Miaka ya nyuma niliwahi kukaa katika jopo la ofisi moja, maombi zaidi ya 90, alasiri moja. Tulianza kwa bidii. Wa kwanza tuliwachambua kama mchele. Wa saa kumi na moja jioni tuliwapitisha au kuwatupa kwa kuangalia unene wa bahasha. Sijui tulimwacha nani. Kwa hiyo mama alipofika kwenye uchovu nilisikiliza kwa makini zaidi.

Alisema mkono wa mtoa alama hauna utulivu. Wengine huanza wakali na kulegea. Wengine huanza na huruma kisha wakawa wagumu. Na wasifu wa kawaida ukija baada ya mzuri sana unaonekana mbovu, ukija baada ya mbovu unang'aa. Dawa yake ni ya kazi za mikono tu. Zile 52 zimegawanywa mafungu manne ya wasifu 13, fungu moja kwa kikao, vikao viwili kwa siku. Ndani ya fungu, mjumbe anatoa alama za kigezo cha kwanza kwa watu wote 13, kisha anarudi mwanzo kwa kigezo cha pili, na mpangilio wa karatasi unachanganywa. Namna hiyo mwombaji analinganishwa na maneno ya kigezo, na 3 aliyoipata kwenye dawa haimfuati kwenye kompyuta. Fungu likiisha, mjumbe anarudia wasifu tatu za mwanzo bila kuangalia alama alizotoa. Zikitofautiana, ajue mkono umehama, na fungu lile linapitiwa upya.

Jambo la ngazi za ofisi aliligusa kwa adabu, lakini aligusa. Katika jopo ambalo mganga mfawidhi yumo, mfamasia kijana hawezi kusema 1 baada ya bosi kusema 3. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna semina ya siku moja itakayoubadilisha malezi hayo. Kwa hiyo kila mmoja anatoa alama peke yake, anasaini, anampa katibu wa jopo karatasi yake, ndipo mazungumzo yanaanza. Wa mwisho kuzungumza ni mkubwa kuliko wote. Mganga alicheka akasema anakubali kufungwa mdomo kwa sababu nzuri.

Katibu akishaziweka alama kwenye jedwali, hawatafuti wastani kwanza. Wanatafuta umbali. Kwa kigezo kimoja na mwombaji mmoja, mkubwa wa alama na mdogo wake wakitofautiana kwa 1, inaachwa ilivyo. Binadamu hawasomi sawasawa. Wakitofautiana kwa 2 au 3, wanasimama hapo, na wote wawili wanaonyesha mistari. Mara nyingi mmoja aliruka ukurasa. Anayebadilisha alama anaandika sababu, na ile ya kwanza haifutwi, inakatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka.

Kisha vimemo. Hakuzunguka. Kila mtu aliyewahi kushughulikia ajira hapa nchini anaijua ile simu ya "kuna kijana wetu ameomba hapo", na undugunaizesheni hauhitaji nilieleze neno. Utaratibu wake ni huu: mjumbe anayemfahamu mwombaji anajaza fomu ya tamko na hatoi alama kwa huyo mmoja. Na kila kimemo, kila simu, inaandikwa tarehe na aliyetuma, inaingia jaladani. Aliniambia baadaye kwamba tangu waanze kuandika, simu zimepungua, kwa sababu sasa anayepiga anaambiwa kwa heshima kwamba salamu zake zitahifadhiwa.

Kuna onyo alilolitoa ambalo ninadhani wajumbe hawakulitarajia. Jopo linaweza kukubaliana kabisa na bado likakosea. Mizani ya sokoni iliyochezewa gramu mia itakupa jibu lile lile asubuhi na jioni, leo na kesho, na kila siku inapunja. Alitoa mfano wa kigezo walichokuwa wakikitumia zamani: uzoefu wa miaka mitano katika hospitali kubwa. Wajumbe walikuwa hawatofautiani hata kidogo, kwa kuwa kuhesabu miaka ni rahisi. Lakini kilimfungia nje kila mtu aliyejifunza kazi katika zahanati, duka la dawa au bohari ya pembejeo. Isitoshe, Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya mwaka 1998 matokeo ya tafiti za miaka 85, waliona kwamba hesabu ya miaka ya uzoefu hubashiri kidogo tu namna mtu atakavyofanya kazi, ilhali kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye hubashiri vizuri zaidi.

Ndiyo sababu mchujo huu wa karatasi hautamwajiri mtu. Unachagua wa kuitwa. Wasifu nyingi za kwetu zinaandikwa steshenari, kwa Kiingereza cha kunakili, na kijana wa kompyuta anayemwambia kila mteja kwamba ni mchapakazi awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa. Ukisoma kumi unaona sentensi ile ile mara saba. Jopo lisipojihadhari litakuwa linampa alama mwenye steshenari. Kwa sababu hiyo tangazo lao liliruhusu Kiswahili au Kiingereza, na lilimtaka mwombaji ajibu kwa maneno yake maswali matatu: uliwahi kutunza nini, ulihesabuje, na ukikuta tofauti ulifanya nini. Majibu hayo yanasomwa pamoja na wasifu.

Wataitwa wanane wa juu, idadi iliyoandikwa kabla ya alama ya kwanza kutolewa. Akitokea wa tisa ambaye amepishana na wa nane kwa alama moja, naye anaitwa, kwa sababu alama moja katika thelathini inaweza kuwa ni macho ya mjumbe tu. Siku ya usaili kila mmoja atapewa rafu ndogo yenye boksi ishirini zenye tarehe mbalimbali, pamoja na leja iliyotiwa makosa mawili kwa makusudi, na nusu saa.

Hotuba ikaisha hivyo, bila makofi mengi, na mazoezi yakaanza kwa wasifu kumi za kubuni. Kimya kilikuwa cha mtihani. Metroni alikuwa na rula, anashuka nayo mstari kwa mstari. Mhasibu aliandika namba za kurasa kwa mwandiko mdogo kama wa hundi. Baada ya saa moja na robo katibu alijaza jedwali, na tofauti za 2 au zaidi zilikuwa nne tu kati ya nafasi arobaini. Tatu ziliisha upesi; mtu alikuwa ameruka ukurasa.

Ya nne ilikuwa ya mwombaji namba 14, kigezo cha kuhesabu mali. Mganga mfawidhi alikuwa ametoa 3. Mfamasia, kijana kuliko wote mezani, alikuwa ametoa 1. Kwa muda mfupi hakuna aliyesema kitu. Kisha mfamasia, sauti ikiwa chini, akasema, "Daktari, naomba unionyeshe mstari."

Mganga aliweka kidole ukurasa wa pili: "Nilishiriki kuhesabu mali kila mwezi na kurekebisha leja." Mfamasia akageuza karatasi yake. Alikuwa amepigia mstari sentensi ile ile. Mmoja alisoma "kurekebisha leja" akaona mtu anayefuatilia tofauti. Mwingine alisoma akaona mtu anayebadilisha leja ili ilingane na rafu, bila kuuliza glavu tatu zimekwenda wapi, jambo ambalo ndilo lililowaumiza miaka yote.

Mama aliomba kuona maneno ya alama 3 kwenye karatasi ya vigezo. Yalisema: "Ameeleza alivyoshughulikia tofauti." Neno "alivyoshughulikia" liliwabeba wote wawili. Akachukua chaki, akalifuta ubaoni, na baada ya mabishano ya dakika kama ishirini, ambayo metroni ndiye aliyeyaongoza, wakaandika upya: "Ametaja kwamba alitafuta chanzo cha tofauti, na alimtaarifu nani." Namba 14 hakusema lolote kati ya hayo, akapewa 2 na wote watano. Swali likaandikwa pembeni aulizwe kwenye usaili, iwapo angekuwa mtu wa kweli. Katibu akachukua karatasi za vigezo zote tano, akaenda kuchapa toleo jipya kabla ya chakula cha mchana, maana fungu la kwanza la wasifu halisi lilikuwa linafunguliwa saa nane.